Muuzaji mpya na ukurasa wa kwanza: jinsi utafutaji wa soko la mtandaoni unavyopanga bidhaa, na sehemu iliyo mikononi mwako

Umefungua akaunti ya muuzaji, umepandisha birika la umeme, soko limeidhinisha, na sasa unatafuta bidhaa yako mwenyewe huioni. Unashuka ukurasa wa pili, wa tatu, hakuna kitu. Wengi hapo hukimbilia kushusha bei, ingawa mara nyingi bei haihusiki kabisa.

Mwongozo huu unafuata birika hilo moja kutoka siku linapopandishwa hadi linapopata oda zake za mwanzo. Unahusu masoko ambayo oda inapita ndani ya mfumo wao, kama Jumia. Jiji, ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kununua, ni jambo jingine: kule mnunuzi anakupigia simu, mnaelewana na kulipana wenyewe, kwa hiyo kwa kawaida mfumo hauoni kama umeuza au hukuuza. Kinachobeba tangazo kule ni upya wake na pesa ya kulikuza.

Mfumo unafanya kazi mbili

Mteja anapoandika neno, mfumo kwanza hukusanya bidhaa zinazostahili kuonyeshwa. Zile zisizostahili zinaachwa nje, hata kama muuzaji wake ana nyota tano. Kisha zile zilizokusanywa hupangwa, na hapo ndipo mauzo na mwenendo wa muuzaji vinaingia. Kwa kuchora tu, unaweza kuiandika hivi:

```
alama = ulinganifu × uwezo_wa_kuuza × mwenendo_wa_muuzaji
```

Mifumo halisi ina vipimo vingi zaidi ya hivyo, na soko halitangazi uzito wa kila kimoja. Lakini alama ya kuzidisha inatufaa kwa jambo moja: kitu kimoja kikikaribia sifuri, vingine haviokoi. Birika lenye mauzo mazuri lililowekwa kwenye kategoria ya mapambo ya nyumba halitaonekana, na birika lililopangwa vizuri la muuzaji anayefuta oda kila wiki litazidi kushuka.

Basi kabla ya kubadilisha chochote, jua umekwama wapi. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, usiingie kwenye akaunti yako, weka eneo la kupokelea mzigo Kampala, kisha tafuta mara tatu. Kwanza bandika kichwa kizima cha bidhaa yako jinsi kilivyo. Usipoiona hata hapo, tatizo si mpangilio: bidhaa haijaidhinishwa, stoku inasoma sifuri, au haipelekwi eneo ulilochagua. Ukiiona, tafuta kwa neno refu kidogo, mfano `percolator 1.8l`. Ikipotea hapo, kasoro iko kwenye maneno au kategoria. Ikionekana hapo lakini kwa neno fupi `kettle` iko ukurasa wa tano, hujakosea kitu. Unakosa historia tu, na hiyo inajengwa.

Usitumie simu yako ya kila siku kwa jaribio hili. Masoko mengi hukumbuka ulichobofya, na bidhaa uliyoifungua mara arobaini inaweza kukutokea juu wewe peke yako.

Hatua ya kwanza: kuingia kwenye kundi

Hapa Uganda watu wengi huliita birika la umeme percolator, wakati kiwandani na kwenye kasha limeandikwa kettle. Muuzaji anayenakili maneno ya kasha peke yake anajifungia nje ya wateja wanaotafuta kwa neno la mtaani. Baadhi ya mifumo imejifunza kwamba maneno haya mawili ni kitu kimoja, mingine bado, na huna sababu ya kubahatisha. Andika `perc` kwenye kisanduku cha kutafutia, usibonyeze kitufe cha kutafuta, usome mapendekezo yanayoshuka. Mara nyingi yanatokana na maneno ambayo watu wenyewe wameandika. Fanya hivyo kwa `kett` na `electric k`, uandike pembeni yale yanayoelezea birika lako kweli.

Kisha tunga kichwa. Kwa birika letu kingekuwa:

```
Electric Kettle Percolator 1.8L Stainless Steel 1500W - Silver
```

Kina majina mawili ya kitu chenyewe, ujazo, malighafi, nguvu na rangi. Kinatosha. Wateja wengi wa Uganda huandika kwa Kiingereza kwenye masoko haya, kwa hiyo kichwa kiwe hivyo, na neno birika ulitie ndani ya maelezo kwa ajili ya wachache wanaoandika Kiswahili.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza: "best", "original", "2024 new", "kitchen gift", halafu jina la chapa maarufu ambayo si yake. Maneno ya sifa hutafutwa na wachache, na yanasukuma ujazo mwishoni ambako kwenye simu kichwa hukatwa. Jina la chapa ya mwingine ni baya zaidi. Linakuleta mbele ya mtu anayetaka chapa ile, anaona picha, anapita. Mfumo unasoma kwamba ulionyeshwa ukakataliwa. Na soko likigundua, bidhaa inaondolewa.

Kategoria na sifa ndizo wauzaji wapya huzipuuza, nazo ndizo zinazofunga mlango kimyakimya. Mtu akitafuta `percolator`, mfumo hukisia kwanza kwamba anataka vifaa vidogo vya jikoni vya umeme, halafu unaipa kategoria hiyo kipaumbele. Chagua tawi la mwisho kabisa la kategoria, lile la mabirika yenyewe, usiishie kwenye "jikoni" kwa sababu umechoka kubofya. Sehemu za sifa kama ujazo, nguvu, rangi na malighafi uzijaze zote hata zisizo za lazima. Mteja akichuja kwa ujazo, birika ambalo sehemu hiyo iko tupu linatoweka, ijapokuwa 1.8L imeandikwa kwenye kichwa.

Kama una rangi tatu, ziweke kama machaguo ya bidhaa moja, usifungue kurasa tatu. Oda tisa kwenye ukurasa mmoja zina nguvu. Oda tatu tatu kwenye kurasa tatu ni kama hujauza.

Hatua ya pili: mauzo, na kwa nini huanzii sifuri

Watu husema mgeni hawezi kupanda kwa sababu wakongwe wana mauzo. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Mfumo ukihesabu oda kugawanya kwa mibofyo bila kufikiri, birika lililobofywa mara moja na kununuliwa mara moja lingekuwa na asilimia 100 na kuwapita wote. Ili kuzuia hilo, wahandisi mara nyingi huipa kila bidhaa mpya makisio ya kuanzia yanayofanana na wastani wa kategoria yake, kisha ushahidi halisi huyasogeza taratibu. Tuseme kwa mfano wastani wa mabirika ni oda 2 kwa mibofyo 100, na makisio ya mwanzo yamepewa uzito wa mibofyo 200. Hesabu inakuwa:

```
makadirio = (oda + 4) / (mibofyo + 200)
```

Birika lako jipya, bila oda wala mbofyo, ni 4 kwa 200, yaani asilimia 2. Birika la mkongwe lenye oda 90 kwa mibofyo 3,000 ni 94 kwa 3,200, karibu asilimia 2.9. Sasa wewe ukipata oda 3 katika mibofyo 60 ya kwanza, unakuwa 7 kwa 260, kama asilimia 2.7. Oda tatu tu, nawe unamkaribia. Lakini mibofyo 150 ikipita bila oda hata moja, unakuwa 4 kwa 350, asilimia 1.1 hivi. Na kuanzia hapo utaonyeshwa kidogo zaidi, utapata mibofyo michache zaidi, na kila hatua ya kurudi juu itachukua muda mrefu.

Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, kila soko lina zake. Mifumo mingine pia hutazama jumla ya oda pamoja na kiwango chake, na humo mkongwe ataendelea kukutangulia kwa neno pana kama `kettle`. Lakini funzo la hesabu ni lilelile: mibofyo ya mwanzo ina uzito kuliko itakayofuata, kwa hiyo ukurasa uwe tayari kabisa kabla hujapandisha bidhaa. Kupandisha leo na picha mbovu "nitarekebisha kesho" ni kuitupa mibofyo hiyo.

Maandalizi yenyewe yana mambo mawili: kinachomfanya mtu abofye, na kinachomfanya anunue.

Kinachobofywa ni picha, bei na nyota. Nyota huna bado. Picha ya kwanza iwe birika peke yake kwenye mandhari meupe, lijaze fremu, pikseli 1,000 kwa 1,000 inatosha. Itazame kwenye simu kwa ukubwa wa kidole gumba. Ikiwa huwezi kutofautisha mpini na mdomo wa birika, piga upya. Bei ihesabu pamoja na usafirishaji, kwa sababu ndivyo mteja anavyohesabu. Birika la shilingi 45,000 lenye usafiri wa 5,000 linashindana na la 50,000 linalofikishwa bure, hata kama kwenye orodha linaonekana nafuu. Usiogope sana kuonyeshwa chini mwanzoni. Mifumo mizuri inajua kwamba bidhaa ya nafasi ya thelathini hubofywa kidogo kuliko ya kwanza, na hulinganisha mibofyo yako na inayotarajiwa kwenye nafasi ile ile.

Kinachonunuliwa ni majibu ya maswali. Kwa birika, mnunuzi wa Uganda ana maswali yake mahususi. Plagi ni ya aina gani? Mizigo mingi inakuja na pini mbili, na soketi zetu ni za pini tatu bapa, kwa hiyo piga picha ya plagi yenyewe kwa karibu uiweke ya pili au ya tatu. Ujazo ni wa kweli? Mimina maji kwa chupa ya lita moja hadi alama ya juu kabla ya kuandika. Kasha likisema 2L na alama ya juu ikaishia 1.8, andika 1.8, la sivyo utalipia tofauti hiyo kwa nyota na marejesho. Linakula umeme wa yaka kiasi gani? Hili linahesabika: kuchemsha lita 1.8 kutoka nyuzi 22 hadi maji yachemke Kampala, ambako kwa sababu ya mwinuko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kunahitaji karibu yuniti 0.155. Ongeza joto linalopotea, sema 0.17. Kwa birika la wati 1500 hiyo ni kama dakika saba. Sentensi moja, "lita 1.8 huchemka kwa dakika saba hivi na haitumii hata robo ya yuniti", inauza kuliko aya nzima ya "ubora wa hali ya juu".

Usirekebishe mapema mno

Hapa ndipo wauzaji makini huharibu kazi nzuri. Mibofyo 30 imepita, hakuna oda, moyo unadunda, bei inashushwa, picha inabadilishwa, kichwa kinaandikwa upya, yote siku moja. Lakini kama birika lako kwa kweli huuza mara 2 kwa mibofyo 100, uwezekano wa kutopata oda katika mibofyo 30 ni asilimia 55 hivi. Yaani kunyamaza huko ni kawaida kabisa. Kwenye mibofyo 100 bila oda uwezekano unashuka hadi asilimia 13, na kwenye 150 hadi 5 hivi. Subiri basi kati ya 100 na 150 ndipo uamini kuna kasoro, halafu badilisha kitu kimoja, uandike tarehe.

Kipi? Ripoti za muuzaji zinakuambia. Ukionekana sana na kubofywa kidogo kuliko bidhaa zako nyingine, angalia picha ya kwanza na bei. Ukibofywa sana na kutonunuliwa, shida iko ndani ya ukurasa: maelezo, gharama ya kufikisha, siku za kusubiri. Ukiwa huonekani kabisa, rudi kwenye kategoria na maneno.

Matangazo ya kulipia ndani ya soko yana nafasi yake, ila yanunuliwe kwa neno jembamba kama `percolator 1.8l stainless`, si `kettle`. Anayeandika neno refu anajua anachotaka. Tangazo linakununulia nafasi ya kuonekana tu. Ukurasa mbovu ukikuzwa kwa pesa unathibitisha haraka zaidi kwamba hauuzi. Oda iliyotokana na tangazo, ikifika salama, inakuachia tathmini na rekodi ya usafirishaji kama nyingine yoyote.

Kununua bidhaa yako mwenyewe kupitia ndugu na marafiki ni njia ambayo kila mtu anaifikiria. Masoko hulinganisha anwani, namba za simu, vifaa na namba za pesa za simu. Na wale wanaoagiza kwa kulipa mzigo ukifika kisha wakaukataa mlangoni wanakuongezea kosa: oda isiyofika.

Hatua ya tatu: mwenendo wako

Hapa ndipo una mamlaka makubwa kuliko kwingine. Soko hutazama oda ngapi umefuta wewe mwenyewe, ngapi umechelewa kuzikabidhi, ngapi zimerudishwa kwa sababu "si kama ilivyoelezwa", na nyota. Kwa mgeni hatari iko kwenye hesabu ndogo: oda 10 za kwanza, ukifuta moja, kiwango chako ni asilimia 10. Ili kishuke hadi 2 unahitaji oda 40 nyingine bila kufuta hata moja. Mkongwe akifuta moja kati ya elfu, hakuna anayeona.

Chanzo cha kufuta kwa wenye maduka ya Kikuubo na kwingineko mjini ni kimoja karibu kila mara: stoku moja inauzwa sehemu mbili. Mabirika manane yako rafuni, manane yameandikwa mtandaoni, Jumamosi mteja wa dukani anabeba sita kwa mkupuo, na jioni oda tatu zinaingia. Dawa ni kutenga. Weka mabirika matano kwenye kasha la peke yake, yafungwe tayari kwa kusafirishwa, uandike matano mtandaoni, na anayesimamia duka ajue kwamba kasha lile haliuzwi kaunta hata mteja akiongeza bei. Likibaki moja, ongeza kutoka rafuni au shusha idadi. Lakini usiache ikae sifuri kwa wiki: bidhaa isiyo na stoku huondoka kwenye matokeo, na kwa kuwa mifumo mingi huthamini mauzo ya karibuni kuliko ya zamani, ikirudi hairudi pale ilipokuwa.

Kuchelewa kunatibiwa kwa saa, si kwa bidii. Jua saa ya mwisho ya kukabidhi mizigo kwenye kituo unachotumia, kisha jiwekee yako iliyo mapema kwa saa mbili, maana boda aliyekwama na jamu ya mvua hatakuwa sababu kwenye ripoti. Oda za Ijumaa usiku na Jumamosi zifungwe Jumamosi. Na kabla ya kwenda kijijini Desemba, tumia kitufe cha likizo kama soko lako linacho, au shusha stoku mwenyewe. Kupotea kwenye matokeo kwa siku kumi kunauma kidogo kuliko oda nane zilizofutwa zote pamoja.

Njia nyingine ni kuiachia soko ghala na usafirishaji, kama Jumia Express. Inakuondolea ucheleweshaji, na bidhaa hufika haraka, jambo linalovutia mnunuzi. Gharama yake ni kwamba mzigo usiotoka unaendelea kukaa kwa hesabu yako. Peleka vipande vitano hadi kumi vya bidhaa ambayo tayari imethibitika kuuzwa, si kontena la matumaini.

Kabla ya kufunga kila birika, lichomeke sekunde chache tu uone taa inawaka. Kagua plagi. Hakikisha rangi ni ile iliyoagizwa. Kazi ya dakika mbili hii inazuia rejesho, na rejesho linakugusa mara mbili: linapunguza mauzo yanayohesabiwa na linachafua mwenendo wako. Kwa bidhaa ya kwanza chagua pia la chuma badala ya kioo. Boda haina huruma.

Wiki za kwanza, kwa mpangilio

Wiki ya kwanza ni ya kundi: fanya majaribio yale matatu ya kutafuta kila baada ya siku mbili, urekebishe maneno na sifa mpaka utokee kwenye maneno marefu. Ya pili na ya tatu, usiguse kichwa, picha wala bei. Shughulika na stoku, muda wa kukabidhi, na majibu ya maswali ya wateja. Swali likiulizwa mara mbili, jibu lake liingie kwenye maelezo. Ukifika mibofyo 100 au 150 ndipo ufanye uamuzi kwa ripoti. Tathmini zikifika kadhaa na hakuna oda uliyofuta, unaweza kujaribu tangazo kwa neno pana zaidi.

Na siku msambazaji atakapokuletea birika jingine linalofanana sana, lakini la wati 2000 au lenye plagi tofauti, usilitie kwenye ukurasa wa zamani ili kurithi nyota zake. Wanunuzi watapokea kitu tofauti na kilichosifiwa kwenye tathmini, marejesho yatapanda, na masoko mengi huhesabu kubadilisha bidhaa chini ya ukurasa uleule kuwa udanganyifu. Fungua ukurasa mpya, na ule wa zamani uuache uishe pamoja na stoku yake.